Neno Moja Kwenye Kanda ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa amekufa miaka mingi, na sauti yake ilisikika tena kwa sentensi moja tu, katika duka dogo la Mlabani, mjini Ifakara. Alisema, "Mwanangu, leo nakuambia neno moja tu." Hapo hapo deki iliyokuwa ikicheza kanda ikapiga kelele kali, kama mlango wa bati unaoburuzwa juu ya saruji. Picha ikajaa chenga. Kabla sijaelewa kinachotokea, fundi alikuwa ameshabonyeza kitufe na kuzima.

Neno lenyewe hatukulisikia.

"Washa," shangazi yangu alisema. Alikuwa amesimama kutoka kwenye benchi bila mwenyewe kujua.

"Hapana, bibi," fundi alimjibu. Mkono wake ulikuwa bado juu ya kitufe, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe kutoka upande wa pili.

Nimeshuhudia watu wengi wakifanya kazi zao, na mara nyingi nimewasifu kwa kile walichofanya. Huyu ninamsifu kwanza kwa kile alichokataa kufanya. Lakini ili jambo hilo lieleweke, nianze na kanda yenyewe.

Mume wa shangazi, ambaye mimi nilimwita mjomba, alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi katika Mto Kilombero, kabla daraja halijajengwa. Sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Watu wa ng'ambo walisema hawakuhitaji kumwona ili wajue kama yuko kazini. Walisikiliza tu. Binti yake mkubwa alipoolewa, familia ilitafuta mtu mwenye kamera kutoka mjini aje Michenga kurekodi sherehe. Siku ile mjomba alisimama mbele ya wageni, akamshika binti yake mkono na kumpa wosia wa mzazi, kama ilivyo desturi. Hotuba haikuwa ndefu. Mtu wa kamera alirudi mjini, na baada ya muda akaleta kanda moja ya VHS ndani ya boksi la karatasi ngumu. Haikutolewa nakala.

Walikuwa na deki wakati ule, wakaiangalia kanda mara kadhaa. Deki ikafa. Kisha mjomba akafa. Kanda ikabaki kwenye sanduku la bati la shangazi, chini ya kanga na vitenge, katika nyumba ambayo kila masika maji husimama karibu na ngazi ya mlango. Sanduku halikuwahi kuzama. Shangazi aliliinua juu ya matofali kila mwaka na alijivunia hilo. Lakini unyevu wa bonde letu hausubiri mafuriko. Unakaa kwenye chumvi, kwenye viberiti, kwenye nguo zilizokunjwa.

Mwaka huu mjukuu wake, mtoto wa yule binti wa kwenye kanda, amepata mchumba. Mama yake alishafariki. Shangazi akasema, kwenye sherehe ya kumuaga, babu yake ndiye atakayempa wosia.

"Babu yupi?" nilimuuliza kwenye simu.

"Unao wangapi? Huyo huyo. Yumo sandukuni."

Ndivyo tulivyofika kwa fundi wa Mlabani. Ni mwanamke wa makamo, Msukuma, ambaye wazazi wake walihamia bondeni na ng'ombe akiwa mtoto. Duka lake linapiga picha za pasipoti, linatoa kopi, na ukutani kumebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba kanda za zamani zinahamishiwa kwenye flash. Ana deki mbili, moja imefunguliwa kifuniko ili aone tepu inavyotembea.

Shangazi alipokea shikamoo yake, akaketi, akatazama huku na huku.

"Wewe ni wa kina nani?"

Fundi akamtajia kwao.

"Ahaa. Ng'ombe wenu walikula mpunga wangu mwaka juzi."

"Poleni, bibi. Ng'ombe wetu hawajui mpaka."

"Mpaka wanaujua. Huwa wanauruka."

Wote wawili wakacheka, na shangazi akatoa kanda kwenye mfuko wa kitambaa.

Nilitazama jinsi fundi alivyoipokea. Hakuiingiza kwenye deki. Aliigeuza, akaichungulia kupitia vidirisha vyake, akitafuta ukungu mweupe kwenye kingo za tepu. Akainusa. Akauliza ilikaa wapi, ilichezwa lini mara ya mwisho, kama kuna nakala nyingine. Shangazi aliposema hakuna, fundi aliiweka mezani kwanza. Akachukua kanda yake mwenyewe, ya zamani na isiyo na maana kwa mtu yeyote, akaicheza kwenye deki ile iliyo wazi kuhakikisha mashine ni nzima. Picha ilikuwa safi.

"Nitaiweka ianzie pale ilipoachwa mara ya mwisho," alisema. "Ila nikisikia inalia, nazima. Msinibishie."

Tukakubali, kwa sababu ni rahisi kukubali jambo ambalo bado halijatokea.

Alipozima, tepu ilikuwa imezungushiwa ndani ya mashine na haikutaka kurudi. Ilikuwa imenata kwenye ile silinda inayozunguka. Hakuivuta. Alichomoa waya wa umeme, akazungusha gia ndogo kwa kidole, taratibu, mpaka tepu ikalegea na kurudi ndani ya kanda yake. Akaitoa. Kisha akachukua kipande cha ngozi laini, akakilowesha kwa spiriti, akakishikilia kikiwa kimetulia kwenye silinda na kuizungusha silinda kwa mkono mwingine. Hakusugua juu na chini. Alisema vile vichwa vya kusomea ni vidogo kuliko punje ya mchele na ukisugua hivyo vinakatika.

Ngozi ilitoka na uchafu wa rangi ya kahawia.

"Mashine yako imekula kanda yangu," shangazi alisema. "Ng'ombe wamekula mpunga, mashine imekula mume."

"Bibi, ng'ombe nilishindwa kumzuia. Mashine nimeizuia."

Akacheza tena kanda yake isiyo na maana. Picha ilikuwa safi kama mwanzo. Kwa hiyo tatizo halikuwa deki.

Shangazi alikuwa mtulivu sasa, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi. Akasema kwa upole kwamba hahitaji kanda yote. Ngoma aziache, chakula akiache, wageni awaache. Anataka pale pale tu, sentensi inayofuata. Kama itaharibika baada ya hapo, basi.

Ninakiri kwamba na mimi niliona ni ombi la haki. Sekunde chache tu. Fundi angeweza kuzicheza, tukamlipa na kumshukuru. Badala yake alimwonyesha ile ngozi.

"Unaona hii kahawia? Si vumbi, bibi. Tepu ni plastiki, juu yake umepakwa unga wa sumaku, na unga unashikwa na gundi. Gundi ikikaa miaka mingi kwenye unyevu inaunywa, inaoza, inakuwa inanata. Tepu ikipita kwenye mashine inashika, inaachia, inashika, inaachia, haraka haraka. Zile kelele ndizo hizo. Na kila ikishika, unga unabanduka."

"Na unga ndio nini?"

"Unga ndio picha. Ndiyo sauti. Hiki nilichofuta hapa ni harusi ya binti yako."

Shangazi alichukua kile kipande cha ngozi, akakiangalia kwa muda, akakikunja upande wa kahawia ukiwa ndani, akakirudisha. Hakuomba tena.

Fundi alisema kuna kanda zinazolia kidogo na yeye anaziweza, zile zenye vumbi au zilizolala bila kuchezwa. Lakini ikilia, ikanata na ikaacha kahawia, tena haina nakala, yeye haigusi. Inakwenda kwa mtaalamu. Alimpigia mbele yetu, mtu wa Dar es Salaam anayeokoa kanda za watu na za ofisi. Akaweka sauti ya simu juu ili sote tusikie. Maagizo yalikuwa mafupi: isichezwe, isirudishwe mwanzo, ikae pale pale iliposimama. Isianikwe juani. Isipulizwe kwa mashine ya kukaushia nywele. Isiwekwe jikoni karibu na moto. Ikae wima ndani ya boksi lake, mahali pakavu, mpaka apatikane mtu wa kuileta mkononi.

"Umesikia, bibi?"

"Nimesikia. Si juani, si kwenye nywele, si jikoni."

Mimi ndiye niliyekuwa nasafiri kwenda Dar, lakini baada ya siku kadhaa. Shangazi alikataa kuniachia kanda mapema. Alirudi nayo Michenga.

Nilipokwenda kuichukua nilimkuta uani, akichambua mboga. Nikauliza kanda iko wapi. Akanielekeza kwa kidevu chumbani, kwenye gunia la mpunga.

"Nyuma ya gunia?"

"Ndani."

Yeye akaendelea na mboga zake, akaeleza kwa utaratibu kabisa. Fundi alisema kanda imekunywa unyevu. Mtaalamu alikataza jua, moto na mashine ya nywele, naye hakutumia hata kimoja. Ila hakuna aliyekataza mpunga. Simu ya mjukuu iliangukia mtoni, ikazikwa kwenye mchele, ikapona, na mpaka leo anapiga nayo. Mpunga wenyewe ni mkavu, aliupima. Akasimama, akaingia ndani, akachukua punje na kuiuma mbele yangu kama tunavyoupima sote kabla ya kupeleka mashineni. Ilikatika kwa mlio safi.

"Unasikia? Mkavu."

Sijui ni wapi kwingine duniani mtu angefanya kosa hilo kwa hoja nzuri kiasi hicho. Ni kosa la watu ambao maisha yao yote yanategemea kujua kitu kimekauka au hakijakauka, na ambao dawa yao ya kila kitu chenye maji imo ndani ya gunia.

Nikaitoa kanda kwa mikono miwili. Boksi la karatasi alikuwa ameliondoa ili mpunga uiguse vizuri. Nilipoigeuza, makapi na vumbi vilidondoka kutoka kwenye ile nafasi iliyo wazi chini, nyuma ya kifuniko kidogo cha mbele. Nikampigia fundi.

Aliomba nimpe bibi simu. Nilimsikia vizuri.

"Bibi, umeianika kanda?"

"Sijaianika. Nimeiweka kwenye mpunga."

"Mpunga huo una unyevu wake, bibi. Mkavu wa kukoboa si mkavu wa kanda. Halafu una vumbi."

"Hamkusema."

"Kweli," fundi alisema. "Nipo Ifakara, tunakataza mashine ya kukaushia nywele, mpunga hatujaukataza. Kosa langu."

Alimaanisha. Na shangazi, ambaye alikuwa amejiandaa kubishana, hakuwa tena na wa kubishana naye. Akaniambia nifunge kanda kwenye kitenge chake kipya.

Fundi akasema nisifanye hivyo, kitenge nacho kina nyuzi. Niifunge kwenye karatasi safi, niirudishe kwenye boksi, nisiipige-pige wala kuipuliza, na njiani isiwekwe kwenye buti la basi wala juu ya injini. Nikasafiri nayo mapajani. Abiria wa pembeni aliniuliza kama nimebeba keki.

Karakana ya mtaalamu ipo ghorofani, chumba cha dirisha moja lililofungwa na kiyoyozi kinachonguruma. Nilimweleza kila kitu, pamoja na mpunga. Hakucheka. Aliuliza swali moja tu, kwamba kanda ilisimama sehemu gani ilipozimwa. Nikamwambia, kwenye sentensi ya kwanza ya wosia. Akafumba macho kidogo.

Nilielewa sababu alipoifungua. Alifungua skrubu, akainua ganda la juu, na ndani mle tepu ilikuwa imelala kwenye magurudumu yake mawili, sehemu ndogo ikipita mbele kutoka gurudumu moja kwenda jingine. Sehemu hiyo ndiyo huwa wazi kuliko zote. Fundi wetu alifanya sawa kabisa kutoirudisha mwanzo, kwa sababu kuirudisha kungebandua unga. Lakini kwa kutoirudisha, kipande kilichobaki mlangoni kilikuwa kile kile tulichokitaka. Ganda moja la mpunga lilikuwa limejibana hapo, kwenye ukingo wa juu wa tepu, likaukunja.

Alilitoa kwa koleo dogo na kuliweka kwenye kisahani. Lilikuwa dogo, la rangi ya dhahabu, zuri tu.

Kazi yake niliifuatilia kwa hatua. Kwanza aliondoa makapi na vumbi vyote kwa brashi na kifaa kidogo cha kufyonza. Kisha akahamishia magurudumu kwenye ganda jipya safi. Akakata shauri kuhusu joto, kwa sababu si kila kanda inafaa kupashwa. Hii, alisema baada ya kuikagua na kuangalia aina yake, inafaa. Aliiweka kwenye kabati lenye hewa kavu na joto dogo lisilopanda wala kushuka, chini kabisa ya joto la kuchemsha maji. Ingekaa humo saa nyingi na kupoa polepole. Nilimuuliza kwa nini oveni ya nyumbani isifae. Akasema oveni hupanda na kushuka bila taarifa, na tepu ikizidi joto inajikunja au plastiki yake inavutika, na hapo hakuna wa kumlilia. Akasema pia kwamba kabati haliponyi kanda. Linaikausha kwa muda tu, gundi inashika kwa siku chache au wiki chache, na katika muda huo ndipo unapoihamishia kwenye kompyuta. Ukichelewa, inarudi kunata.

"Tunaichukua mara ya kwanza inapopita," alisema. "Usitegemee kuna mara ya pili."

Fundi wa Mlabani alikuwa amekataa kuwasha kwa sababu karibu hiyo hiyo. Hawajawahi kuonana.

Nilirudi Ifakara, na picha zikanifuata kwenye flash, kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anarudi. Tulikwenda kuziangalia dukani kwa yule yule fundi, kwa sababu shangazi alisema aliyezima ndiye awashe.

Sherehe yote ilikuwepo. Turubai, sufuria, wanawake wakicheza, shangazi mwenyewe akiwa kijana kiasi kwamba fundi aligeuka kumtazama ili alinganishe.

"Bibi, ulikuwa hatari."

"Nilikuwa? Mume wangu alinikimbilia kwa kasia."

Kisha mjomba akasimama. Akamshika binti yake mkono. Ile sauti ya kuvuka mto ikajaza duka. "Mwanangu, leo nakuambia neno moja tu."

Na ikakatika. Picha haikukatika. Mjomba aliendelea kuonekana, chenga chache zikipita juu ya uso wake, midomo ikitembea, mkono mmoja ukiinuka na kushuka. Wageni nyuma yake wakacheka bila sauti. Kisha sauti ikarudi: "Hilo tu. Ukilishika hilo, mengine utajifunzia njiani." Makofi yakafuata.

Fundi aliniangalia. Alikuwa ameshaelezwa na mtaalamu. Kwenye kanda za aina hii picha imeandikwa katikati ya tepu, lakini sauti imepita kwenye mstari mwembamba ukingoni, juu. Ukingo ndio uliokunjwa na ganda la mpunga. Kwa hiyo tunamwona akilisema neno na hatulisikii.

Shangazi aliomba arudishiwe hapo. Safari hii fundi alirudisha bila kusita, mara nyingi kadiri alivyoombwa, kwa sababu flash hailii na haibanduki. Shangazi alisogeza uso karibu na skrini. Alisema anakumbuka neno lilikuwa uvumilivu. Akaangalia tena midomo, akasema hapana, uvumilivu hauwachekeshi watu. Dada yake, alipoonyeshwa baadaye, alisema kwa uhakika mkubwa kwamba shemeji aliongelea kujua kuogelea.

Mtaalamu alipiga simu jioni ile. Akamwita shangazi mama, akamweleza bila kuficha. Tepu bado ni kavu. Anaweza kuupapasa ule ukingo ulale, kisha aipitishe kanda hapo kwa mara nyingine, huku amekisogeza kichwa cha sauti kidogo tu kiufuate mkunjo. Inawezekana neno likasikika. Inawezekana pia ukingo ukachanika, na ukichanika pale, hakuna mashine itakayolisoma tena. Au aiache ilivyo, mahali pakavu, mpaka atakapopata kifaa bora zaidi, asijue ni lini. Alisema picha ziko salama, hizo hazina wasiwasi. Kuhusu sauti, hawezi kuamua yeye. Kanda ni ya mama.

Shangazi alimshukuru, akamwambia atafikiri, akanirudishia simu.

Sherehe ya kumuaga mjukuu ni Jumamosi ijayo. Turubai limeshaagizwa, na fundi ameahidi kuja na skrini yake kutoka Mlabani. Tepu inaendelea kupoteza ukavu wake Dar es Salaam. Jana nilimpigia shangazi kumuuliza nimjibu nini mtaalamu. Akaniambia anapepeta mpunga, nimpigie baadaye.